Kwintali saba si sifuri nukta sifuri saba: niliyowaambia makarani wa sosaiti za kahawa hapa Nairobi

Mwenyekiti, wazee wa bodi, mama zetu wa stoo na makarani wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kunipa hii nafasi kabla ya chai. Niliombwa niongee kuhusu kugeuza tani na kwintali kuwa kilo wakati wa kuuza, na najua kuna mtu amekaa hapo anawaza, si hiyo ni hesabu ya darasa la tano, kwintali ni kilo 100 na tani ni kilo 1,000, tumemaliza tuende tukanywe chai. Mimi pia niliwaza hivyo miaka mingi, mpaka nikaikosea kwenye invoisi ya kweli, ya kahawa ya wakulima wa kweli, na nitawaeleza ilivyokuwa bila kuficha.

Wakati huo nilikuwa karani wa sosaiti yetu. Tulikuwa tumepata mnunuzi wa moja kwa moja, nje ya mnada, na huyo mnunuzi alikuwa na fomu yake ya kupokelea mzigo. Fomu ilikuwa na vyumba viwili vya uzito, kimoja kimeandikwa tani na kingine kwintali. Mama wetu wa stoo akapima, akajaza vizuri kabisa: tani 3, kwintali 7. Fomu ikaletwa kwangu ofisini niingize kwenye kompyuta, na kompyuta ilikuwa inataka tani peke yake, chumba kimoja tu. Nikaandika 3.07. Nikapiga mara elfu, ikatoka kilo 3,070, nikaprinti invoisi, mwenyekiti akasaini, ikaenda.

Sasa hebu tulieni kidogo hapo. Tani moja ina kwintali ngapi? Kumi. Sio mia, kumi. Kwa hivyo kwintali 7 ni sehemu saba za kumi za tani, yaani 0.7, na tani 3 na kwintali 7 ni 3.7, ambayo ni kilo 3,700. Mimi niliandika 3,070. Kilo 630 zikapotea kwenye karatasi na hakuna mtu aliyeziiba, zilipotelea kwenye kidole changu. Kahawa ile ilikuwa tumeuziana dola 6.20 kwa kilo, sasa pigeni wenyewe, 630 mara 6.20 ni dola 3,906, na ukiweka dola moja kwa shilingi 129 hiyo ni shilingi 503,874. Nusu milioni ya watu walioamka saa kumi na moja asubuhi kuchuma cheri.

Nimejiuliza sana kwa nini niliandika hiyo sifuri, maana sikuwa nimelewa wala sikuwa na haraka. Jibu nililopata ni shilingi na senti. Mkono wa karani umezoea kwamba baada ya nukta kuna nafasi mbili, shilingi 3 na senti 7 ni 3.07, umeandika hivyo mara elfu kumi maishani, na ni sahihi kwa sababu shilingi ina senti mia. Ukikutana na tani 3 na kwintali 7 mkono unafanya vile umezoea na macho hayaoni kosa, kwa sababu 3.07 inapendeza, inakaa kama namba ya kawaida. Na ndugu yake huyu kosa ni pale kuna kilo za juu. Tani 3, kwintali 7 na kilo 5, mtu anaandika 3.75. Hapana jamani, ni 3.705, kilo 3,705. Hiyo 3.75 ni kilo 3,750, umemuuzia mtu kilo 45 ambazo hazipo kwa stoo, na atakapopima kwake atasema nyinyi ni wezi.

Dawa niliyoishika tangu hiyo siku ni kutounganisha tani na kwintali kwa nukta kabisa. Sitafuti desimali. Nageuza kila chumba kivyake kuwa kilo halafu najumlisha: tani 3 ni kilo 3,000, kwintali 7 ni kilo 700, kilo 5 ni 5, jumla 3,705. Mkiwa mnatumia eksel wekeni vyumba vitatu, A ya tani, B ya kwintali, C ya kilo zilizobaki, na cha nne kiwe na hii:

```
=A2*1000+B2*100+C2
```

Hapo mtu hana mahali pa kuweka sifuri vibaya. Anaandika 3, anaandika 7, anaandika 5, mashine inafanya iliyobaki. Na kama hamna kompyuta, kitabu cha mistari kina nafasi ya kutosha kuandika hizo namba tatu moja juu ya nyingine na kujumlisha kwa peni.

Lakini mniulize, lile kosa liligunduliwaje? Liligunduliwa na mama wa stoo, sio na mimi. Alikuja siku mbili baadaye kuchukua nakala yake, akaangalia invoisi, akaniambia, "Karani, hii si ile kahawa yangu. Mimi nilitoa magunia 61 na poketi." Nikamwambia mama, uzito ni huo, angalia. Akasema, "Magunia 61 na poketi hayawezi kuwa kilo elfu tatu na sabini. Mimi ndiye nilijaza sitini sitini."

Alikuwa sahihi na hakuhitaji kalkuleta. Gunia la kahawa safi la kusafirisha ni kilo 60. Kilo 3,700 ukigawa kwa 60 unapata magunia 61, hayo ni kilo 3,660, na zinabaki kilo 40, ndio ile poketi, gunia la mwisho ambalo halikujaa. Sasa chukua 3,070 yangu ugawe kwa magunia 61 peke yake, unapata kama kilo 50 kwa kila gunia, na hapo bado hujahesabu poketi. Gunia lililojazwa 60 haliwezi kusoma 50. Ndio maana nawaambia idadi ya magunia ni shahidi, muiandike kila mara pembeni ya uzito, kwenye kila karatasi, hata kama mnunuzi hakuomba, kwa sababu uzito ukikosewa kwenye kuandika, magunia yatasema. Kuna wale wataniambia tuna tiketi ya mizani ya lori, ya nini kuhesabu gunia? Mizani mingi ya malori inasoma kwa hatua ya kilo 10 au 20, haiwezi kukuonyesha kilo 5 za mwisho, na tena inapima na magunia yenyewe. Gunia la juti tupu si hewa, chukua kumi tupu uyaweke kwa mizani, ugawe kwa kumi, uone. Yetu yalikuwa yanakaribia kilo moja kila moja, magunia 61 ni karibu kilo 60, hiyo ni gunia zima la kahawa ambalo ni gunia tu. Kwa hivyo ukiandika kilo andika pia kama ni pamoja na gunia au ni kahawa peke yake.

Mnunuzi alilipa ile tofauti mwishowe, lakini ilichukua wiki tano na barua nne, na hakukubali mpaka tulipomwonyesha karatasi ya stoo yenye idadi ya magunia na sahihi ya dereva wake mwenyewe. Bila ile karatasi sijui ningewaambia nini wanachama.

Basi hiyo ni upande wa uzito. Upande wa bei ndio watu wengi wanateleza zaidi, na nataka tukae hapo kidogo.

Nyinyi mnajua hapa chini tu, Jumba la Wakulima, Barabara ya Haile Selassie, mnada wa kahawa wa Nairobi bei inatajwa kwa dola kwa kila kilo 50. Gunia linalopakiwa ni la 60, bei inaongelewa ya 50. Tayari hapo kuna mtego kwa mtu mgeni, anaona dola 310, anazidisha kwa magunia 61 na anafurahia pesa kidogo kuliko alizo nazo. Umeshindwa kwanza kwa sababu hukushuka mpaka kilo. Dola 310 gawa kwa 50 ni dola 6.20 kwa kilo. Hapo ndio unaweza kuongea na mtu.

Sasa angalieni hii, ndio kiini cha yote niliyokuja kusema. Ukigeuza uzito kutoka kwintali kwenda kilo unazidisha, kwintali 37 zinakuwa kilo 3,700. Lakini ukigeuza bei kutoka kwa kwintali kwenda kwa kilo unagawa, dola 620 kwa kwintali inakuwa dola 6.20 kwa kilo. Moja inapanda, nyingine inashuka. Ni kama kukata keki, ukikata vipande vidogo unapata vipande vingi lakini kila kipande bei yake ni ndogo. Nimeona makarani wazuri kabisa, watu wa diploma, wanazidisha vyote viwili, au wanazidisha uzito halafu wanasahau bei wanaiacha kwa kwintali, na jumla inatoka ya kushangaza. Ikitoka kubwa sana mtu anaiona haraka. Shida ni ile ya 50 na 60, hapo jumla inatoka karibu na ukweli na hakuna anayeshtuka.

Kuna njia ya kujipima na haichukui dakika. Jumla ya pesa haibadiliki hata ukibadilisha kipimo, kwa sababu kahawa ni ile ile. Tuchukue ule mzigo wangu. Kwa tani: 3.7 mara dola 6,200, ni 22,940. Kwa kwintali: 37 mara 620, ni 22,940. Kwa ile hamsini ya mnada: 3,700 gawa kwa 50 ni 74, mara 310, ni 22,940. Kwa kilo: 3,700 mara 6.20, ni 22,940. Mara nne, namba moja. Ukifanya kwa njia mbili tu na zikatofautiana, hata kwa dola mia, simama hapo, usiprinti chochote, kuna mahali umezidisha badala ya kugawa.

Na msikate desimali mapema. Acheni ziwe ndefu mpaka mwisho, mkatie kwenye jumla. Nitawaonyesha kwa nini sasa hivi kwa sababu inaingia kwenye hadithi ya pili.

Hadithi ya pili haikuwa ya sosaiti yetu, ilikuwa ya jirani, mimi niliitwa tu kusaidia. Walipokea imeili kutoka kwa mnunuzi ambaye kazi yake yote ilikuwa kahawa ya Amerika ya Kati, mambo ya Honduras na Gwatemala. Imeili ilisema anataka 80 qq, kwa dola 285 kwa kila qq. Basi. Katibu akauliza qq ni nini, mtu akatafuta kwa simu akasema ni kwintali. Katibu akapiga haraka, kwintali ni kilo 100, dola 285 gawa kwa mia ni dola 2.85 kwa kilo. Bodi ikakasirika, wazee wakasema huyu mtu anatudharau, mnadani tunapata mara mbili ya hiyo, aambiwe atafute kahawa kwingine. Barua ya kumkatalia ilikuwa imeshaandikwa.

Mimi nikawaambia ngojeni. Huko anakotoka, kwintali ya kahawa si kilo 100. Ni ratili mia za Kihispania, na hizo ni kilo 46. Neno ni moja, lilipitia Kiarabu likaingia Ulaya, na maana yake ya zamani ilikuwa tu "mia ya ratili". Sasa ratili ya nani? Waliobadilisha wakaenda kwa metriki wakaifanya mia ya kilo, ndio maana kwa vitabu vyetu na hata Italia kwintali ni kilo 100. Wafanyabiashara wa kahawa wa Amerika ya Kati wakabaki na ile ya 46. Hakuna anayedanganya hapo, kila mtu anaongea lugha ya kwao.

Tukapiga upya. Dola 285 gawa kwa 46 ni dola 6.1957 kwa kilo, na ukirudisha kwa hamsini ya mnada ni kama dola 309.8. Yaani yule mtu waliyetaka kumfukuza alikuwa anawapa bei ile ile ya mnada, pungufu ya senti tu. Na uzito aliotaka haukuwa kilo 8,000, ulikuwa 80 mara 46, kilo 3,680, magunia 61 na poketi ya kilo 20. Fikirieni upande mwingine pia, kama wangekuwa na njaa ya soko wakakubali na kusaini kuleta kwintali 80 wakidhani ni kilo 8,000, wangekuwa wanatafuta kilo 4,320 za ziada ambazo hakuna aliyeziomba.

Na hapa ndipo hiyo ya desimali inakuja. Katibu alitaka kuandika kwenye mkataba dola 6.19 kwa kilo, akasema hiyo nyingine ni vumbi. Kilo 3,680 mara 6.19 ni dola 22,779.20. Lakini 80 mara 285 ni 22,800 kamili. Dola 20.80 zimepotea kwa kukata namba, na si nyingi, nakubali, ila kwa mkataba karatasi mbili zikiwa na jumla mbili benki inaweza kurudisha makaratasi yote na mzigo ukakaa bandarini ukingoja. Tuliandika bei kwa nafasi sita baada ya nukta, jumla 22,800, yakaisha.

Jibu tulilompelekea yule mnunuzi lilikuwa sentensi moja, tukamwomba aandike uzito kwa kilo na bei kwa kilo kabla hatujajibu lolote lingine. Alijibu siku hiyo hiyo. Sijawahi kuona mnunuzi wa kweli anayekataa kujibu hilo swali.

Kidogo tu kuhusu kusoma imeili za watu wa mbali, maana hii imewahi kumchanganya hata mhasibu. Kuna nchi, Ujerumani na Italia zikiwemo, ambapo nukta inatenganisha elfu na koma ndio desimali, kinyume na sisi. Mtu akikuandikia 3.680 kg hana maana ya kilo tatu na robo tatu kasoro, ana maana ya kilo elfu tatu mia sita themanini. Ukiona uzito wa kahawa wenye nukta na tarakimu tatu nyuma yake, uliza.

Na sio lazima twende mbali. Nendeni Islii mkaongee na wafanyabiashara kutoka Ethiopia, watawaambia kuntali, na hiyo yao ni kilo 100 kama yetu, hakuna shida. Lakini kahawa kule kwao bei inatajwa kwa feresula, ambayo ni kilo 17. Wazee wa pwani waliopo hapa wanajua frasila, neno ni ndugu kabisa, ila frasila ya pwani ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16. Mtu wa Mombasa na mtu wa Adisi wanaweza kukubaliana bei kwa neno moja wakapishana kwa kilo moja kila mara wanaposhika mkono.

Tani nayo ni vilevile. Ya metriki, ile yetu, ni kilo 1,000. Ya Mwingereza wa zamani ni kama kilo 1,016, ya Mmarekani ni kama kilo 907. Kwenye mkataba andikeni "tani ya metriki" au bora zaidi muandike kilo na muache tani kabisa. Kwa tani 10, tofauti ya yetu na ya Mmarekani ni karibu kilo 930, hiyo ni zaidi ya magunia 15.

Hapo nilidhani nimemaliza, lakini mama mmoja kutoka Kitui akanyoosha mkono, akasema yeye si wa kahawa, chama chao ni cha pamba, na swali lake lilikuwa zuri kuliko hotuba yangu. Alisema, "Sisi tulipeleka tani mbili na kwintali nne, na kwa kinu tukaambiwa kwintali nane. Sasa hiyo hesabu yako ya mara mia inasaidia nini hapo?"

Nikamwambia mama, hebu tuanze na hesabu halafu tuone imeishia wapi. Tani 2 na kwintali 4 ni kilo 2,400. Kwintali 8 ni kilo 800. Hakuna kugeuza kunakoweza kutoa 2,400 ikawa 800, kwa hivyo hapa hakuna swali la kipimo, kuna swali la kitu gani kilipimwa. Mlichopeleka ni pamba mbegu, pamba na mbegu zake ndani. Walichowaambia ni pamba nyuzi, baada ya mbegu kutolewa. Nyuzi kwa kawaida ni kama theluthi ya uzito, inapanda au kushuka kulingana na aina ya pamba na mashine yenyewe. 800 kwa 2,400 ni theluthi kamili, kwa hivyo namba yao si ya ajabu. Lakini kama mliuza kwa bei ya kilo ya pamba mbegu, basi mnalipwa kwa kilo 2,400 na hizo 800 hazihusiani na nyinyi, ni mambo ya kinu. Tuseme bei ilikuwa shilingi 70, hiyo ni shilingi 168,000. Mtu akija akawalipa 70 kwa kilo 800, amewalipa 56,000, na hapo ndipo unasimama na karatasi yako ya kupimia mkononi. Na kama bei ni ya nyuzi, basi kwa kilo 800 mnahitaji shilingi 210 kwa kilo ndio mfike pale pale, na bado muulize mbegu ni za nani, kwa sababu mbegu zinakamuliwa mafuta na makapi yake yanaliwa na ng'ombe, zina bei yake.

Akauliza, kwa hivyo niandike kwenye kitabu kwamba kilo tatu ni kilo moja? Nikamwambia hapana mama, usiiweke kabisa kwenye jedwali la vipimo. Kwintali ni kilo 100 leo na kesho na mwaka ujao. Hiyo theluthi inabadilika kila mzigo, lazima ipimwe kila mara na wewe ukiwepo. Kahawa ni hivyo hivyo, pachimenti, yaani kahawa ikiwa bado na ganda lake, ikikobolewa inabaki kama asilimia 80, wakati mwingine chini ya hapo, kwa hivyo kilo 3,700 za pachimenti zinaweza kuwa kilo 2,960 za kahawa safi. Karani ameandika kwintali 37 bila kusema ni za pachimenti, mnunuzi amesoma ni safi, na wote wawili wamegeuza kwintali kwenda kilo bila kosa lolote na bado watapelekana kwa wakili. Baada ya namba andika jina la kitu. Kilo 3,700 pachimenti. Kilo 2,960 safi, daraja la AB. Kilo 2,400 pamba mbegu.

Chai ilikuwa imeshaingia lakini mwenyekiti akaniambia wape moja wafanye wenyewe, nikawaandikia ubaoni: tani 2, kwintali 15, kilo 8, kahawa safi, dola 580 kwa kwintali ya kilo 100, nataka kilo, magunia na pesa. Nilikuwa nimeweka kwintali 15 makusudi, maana stoo wanapopima bila kujumlisha mara nyingi wanapita kumi na wanaendelea tu.

Wa kwanza alisema kilo 2,158. Nikamuuliza kwintali 15 ni kilo ngapi, akasema elfu moja mia tano, akacheka, akarudi kwa karatasi. Wa pili, kijana mwenye koti la bluu, akasema 3,580. Huyo alifika karibu sana, alishapata tani tatu na kwintali tano, ila zile kilo 8 alizishika kama ni themanini. Halafu dada mmoja wa safu ya nyuma ambaye hakuwa ameongea asubuhi yote akasimama na kitabu chake. Alikuwa ameandika 2,000, chini yake 1,500, chini yake 8, akapiga mstari, 3,508. Magunia 58 na poketi ya kilo 28. Bei dola 5.80 kwa kilo, jumla dola 20,346.40, na pembeni kwa peni nyekundu alikuwa amejipima tena, 35.08 mara 580, dola 20,346.40.